Kusanya vina kabla hujatunga: hazina ya vina kwa shairi la tarbia

Mashairi mengi ya arudhi huharibikia mahali pamoja: mshororo wa tatu, upande wa utao, yaani nusu yake ya pili. Mishororo miwili ya kwanza imetoka vizuri, wazo limesimama, mizani imetimia. Kisha kina kinadaiwa kwa mara ya tatu na mtunzi hana neno. Hapo ndipo huingia "kweli jama", "nawaambia", "sikiani" na wenzake, maneno ambayo yamekuja kwa sababu silabi ya mwisho imekubali.

Ninapendekeza kazi ianzie upande mwingine. Kabla ya kuandika mshororo wowote, jikusanyie maneno yanayofanana kwa silabi ya mwisho na yanayohusu jambo unalotaka kulisema. Mimi huita orodha hiyo hazina ya vina. Nitaonyesha namna ya kuijenga kwa shairi moja: tarbia ya beti tano, mizani kumi na sita kwa mshororo, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane utao, mada ikiwa mto uliokauka.

Tuanze na ubeti uliotungwa bila hazina, ili tatizo lionekane.

*Mto ulijaa maji, samaki wengi wazima,*
*Ulinywesha kila mji, mashamba hata na nyuma,*
*Leo hauna mnywaji, na mimi hapa nasema,*

Ukihesabu mizani hutapata kosa. Vina navyo ni sahihi: -ji ukwapi, -ma utao. Lakini tazama kilichotokea. Mshororo wa kwanza ulitungwa kwa uhuru, na neno "maji" likakaa mwisho wa ukwapi kwa kuwa ndilo lililokuja kwanza. Mshororo wa pili ukadai -ji. Mtunzi alitaka kusema kijiji, kwa sababu mto huu unapita vijijini, lakini "ulinywesha kila kijiji" ni mizani tisa. Basi kijiji kikageuka mji. Mshororo wa tatu mambo yakazidi: "hauna mnywaji". Mto uliokauka haukosi wanywaji, wanywaji wapo na wana kiu, uliokosekana ni maji. Maana imepinduka, tena neno lenyewe linamfanya msomaji afikirie mlevi. Upande wa utao, "hata na nyuma" haielezi kitu, na "na mimi hapa nasema" ni nusu nzima ya mshororo iliyotumika kutangaza kwamba mtunzi anasema.

Sababu ya udhaifu huu si uchache wa msamiati. Mtu anapotafuta kina mwishoni, mambo matatu yameshafungwa: sentensi imeanza na inataka kumalizika kwa namna fulani, mizani iliyobaki ni miwili au mitatu, na silabi ya mwisho imeshaamuliwa. Neno linalopita katika tundu dogo hivyo ni nadra kuwa neno bora. Akili nayo, ikibanwa, hukimbilia yaliyo karibu, na katika Kiswahili yaliyo karibu ni viambishi. Ukitaka -ji utapata mnywaji, mlaji, mchezaji. Ukitaka -ni utapachika -ni ya mahali kwenye nomino yoyote. Ukitaka -wa utageuza kitenzi kiwe cha kutendwa, na ghafla hakuna anayetenda jambo katika shairi lako.

Kwanza, hesabu deni

Chagua umbo, kisha ujue linadai maneno mangapi. Katika tarbia ya kawaida mishororo mitatu ya kila ubeti hubeba vina, na wa nne ni kibwagizo chenye vina vyake. Ukitaka mtiririko, yaani vina vya kati vifanane beti zote na vya mwisho vifanane beti zote, beti tano zinakudai maneno 15 ya ukwapi na maneno 15 ya utao. Ukichagua ukara, upande mmoja ndio unaodai 15, na upande mwingine unabadilika kila ubeti kwa maneno matatu matatu. Ukichagua ukaraguni, pande zote zinabadilika, na hakuna kina kinachokudai zaidi ya maneno matatu.

Hesabu hii huamua mengi. Mtu anayetaka mtiririko wa beti kumi anahitaji maneno 30 kwa kila upande, na kuna silabi za Kiswahili ambazo hazina maneno 30 yenye uhai. Kwenye utenzi deni ni kubwa zaidi, maana kina cha kipande cha mwisho hurudi kila ubeti: beti 100 ni maneno 100 ya kina kimoja. Anayeanza utenzi kwa kina chembamba atakuwa amekwama kabla hajafika robo ya safari.

Kwa shairi letu la mto nachagua mtiririko wa beti tano. Deni ni 15 kwa 15. Hazina iwe karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu maneno mengi yataachwa.

Pili, andika maneno ya mada bila kufikiria vina

Hatua hii inawasumbua watu kwa kuwa inaonekana si ya ushairi. Chukua karatasi uandike kila kitu kilichomo ndani ya jambo lako: vitu, vitendo, sehemu za mwili, hali ya hewa, zana. Usiandike hisia kwanza. Huzuni, majonzi na masikitiko yatakuja yenyewe, tena mapema kuliko unavyoyahitaji.

Kwa mto uliokauka nilipata haya: maji, mkondo, kingo, mchanga, changarawe, mawe, matope, nyufa, magugu, samaki, nyavu, mtumbwi, nanga, kasia, povu, unyevu, kisima, ndoo, mtungi, kiu, jua, anga, mawingu, mvua, masika, kiangazi, mpunga, bonde, nyasi, vumbi, mifupa, kuvuka, kuoga, kufua, kupasuka, kukauka.

Tatu, panga kwa silabi ya mwisho

Sasa soma orodha ukitazama mikia. Mchanga, nanga, anga na mpunga zinaishia -nga. Nyavu, povu na unyevu zinaishia -vu. Changarawe na mawe zinaishia -we. Kuvuka, kukauka, kupasuka na masika zinaishia -ka. Maji yamesimama peke yake.

Hapa ndipo utaona kwa nini -ji lilikuwa chaguo baya tangu mwanzo. Neno "maji" ni la mada, lakini halina ndugu ndani ya mada. Kila neno jingine la -ji lingetoka nje. Kina kizuri ni kile ambacho maneno yake matatu au manne yameshatoka kwenye jambo lenyewe kabla hujayaita.

Angalia pia silabi yote, si irabu tu. Kina ni silabi kamili: -ma haiendi na -na kwa sababu zote zina a. Sikio makini hutenganisha -nda na -da, -mba na -ba, -nga na -ga, -kwa na -wa. Ukizichanganya kwenye hazina utazichanganya kwenye shairi.

Kina cha -we kinavutia kwa sababu ya "changarawe", neno lenye mchakacho wake. Lakini nikikijaribu napata mawe, mwewe, kiwewe, wenyewe, na baada ya hapo naanza kuokota apewe, waonewe, tusaidiwe. Kinatosha ubeti mmoja wa ukaraguni. Hakiwezi kubeba mtiririko. Nakiweka kando na kubaki na -nga na -vu.

Nne, kuza makundi mawili uliyochagua

Kamusi haikusaidii sana hapa, maana imepangwa kwa herufi za mwanzo na wewe unatafuta za mwisho. Njia ya uhakika ni kupitia irabu tano zinazotangulia silabi ya kina, moja baada ya nyingine, ukilitamka neno kwa sauti. Kwa -vu nilienda hivi:

avu: kavu, mbavu, nyavu, mashavu, chakavu, shupavu
evu: kidevu, unyevu, pevu, werevu
ivu: majivu, wivu, mbivu, maumivu, utulivu, uvumilivu, usikivu, uvivu
ovu: povu, kovu, kitovu, ovu, uchovu
uvu: nguvu, kuvu, fuvu

Ni maneno 26. Angalia "fuvu", "mbavu", "kitovu" na "kovu". Hayakuwa kwenye orodha ya mada. Yameletwa na sauti, lakini yote ni ya mwili, na ghafla mto unaanza kuonekana kama mwili uliokonda. Faida hii huipati ukitafuta kina mwishoni, kwa sababu wakati huo sentensi imeshafungwa na neno geni haliwezi kubadilisha wazo. Neno likija mapema, wazo bado linaweza kulifuata.

Kwa -nga nilipata anga, nanga, mchanga, wachanga, janga, mwanga, panga, tanga, malenga, kujenga, kutenga, kulenga, kinga, mzinga, kupinga, kugonga, kusonga, unga, mpunga, kufunga, kuchunga, kutunga. Zinatosha.

Mwenye kompyuta na faili la maneno, neno moja kwa kila mstari, anaweza kuokoa muda:

```
grep 'vu$' maneno.txt
grep 'ga$' maneno.txt | grep -v 'nga$'
```

Amri ya kwanza hutoa maneno yote yanayoishia -vu. Ya pili hutoa yanayoishia -ga huku ikiacha yale ya -nga, ili makundi yasichanganyike. Bado nakushauri uanze kwa mdomo. Faili litakumwagia mamia ya maneno ambayo hujawahi kuyatamka, na neno ambalo halijazoea ulimi wako utalitumia vibaya.

Tano, tenga mizizi na viambishi

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Pitia kila kundi ujiulize: neno hili lina kina kwa asili yake, au limebandikwa mkia? Nyavu, mbavu, povu, kovu, fuvu, kitovu na nguvu zina -vu ndani ya neno lenyewe. Utulivu, uvumilivu, usikivu, maumivu na uchovu zimetokana na vitenzi: tulia, vumilia, sikia, umia, choka. Mkia wao ni mmoja.

Maneno ya kundi la pili si haramu, lakini yana kasoro mbili. Msomaji anapokutana na la tatu mfululizo, sikio lake linasikia kiambishi kilekile kikirudiwa, na raha ya kukutanisha maneno mawili yasiyojuana inapotea. Kisha mengi ni majina ya hali, hayaonekani wala hayashikiki. Ubeti wenye utulivu, uvumilivu na usikivu hauna hata kitu kimoja cha kutazama.

Weka alama. Mimi hupiga mstari chini ya neno lenye mzizi na kuliacha tupu lenye kiambishi. Kanuni ninayoifuata ni kwamba katika ubeti mmoja lisiingie zaidi ya neno moja la kiambishi kwa kila upande. Kwa vina kama -ka, -sha, -wa na -na, ambavyo vinabebwa na minyambuliko ya vitenzi, kanuni hii inabana sana. Inabidi ibane, kwa sababu vina hivyo huonekana vipana na kumbe maneno yake mengi ni mkia uleule.

Sita, oanisha ukwapi na utao kabla ya kuandika

Ukishakuwa na makundi mawili, yaweke sambamba na utafute jozi zinazovutana kwa maana. Mchanga na mbavu. Nanga na nyavu. Anga na nguvu. Mpunga na fuvu. Unga na majivu. Kila jozi ni mshororo uliobakiza mizani ya kujazwa, na miisho yake yote miwili ni maneno uliyoyachagua kwa hiari.

Kisha andika ukielekea kwenye neno. Nikiwa na "mchanga" natazama mizani nane: neno lenyewe linakula tatu, m-cha-nga, kwa kuwa m hiyo ni silabi. Nimebakiwa na tano. "Mto sasa ni" ni tano kamili. Upande wa pili "mbavu" ni mbili, nimebakiwa na sita: "kingo zimekuwa". Hivyo ndivyo ubeti wa kwanza ulivyotoka:

*Mto sasa ni mchanga, kingo zimekuwa mbavu,*
*Hatutii tena nanga, zimekauka na nyavu,*
*Tumekodolea anga, mawingu hayana nguvu,*
*Mto wetu umekufa, nani ataufufua?*

Na wa pili, kwa jozi mbili zilizobaki na nyingine moja, wachanga na makavu:

*Penye bonde la mpunga, pamekuwa kama fuvu,*
*Chunguni hakuna unga, jikoni kuna majivu,*
*Hata watoto wachanga, machozi yao makavu,*
*Mto wetu umekufa, nani ataufufua?*

Linganisha na ubeti ule wa mwanzo. Mada ni ileile, mizani ileile. Tofauti ni kwamba hapa kila neno la kina ni kitu cha mto au cha watu wake, na hakuna mahali mtunzi anapotangaza kwamba anasema. Mambo mengine hayakuwahi kupangwa. Kingo kuwa mbavu ni wazo lililotokana na orodha, na bila "mbavu" kukaa pale ikisubiri, mtu angeandika kingo zimebomoka na kusonga mbele.

Kibwagizo nilikiacha huru, kina chake ni -fa na -a, na hakichoti kwenye hazina. Ukikipa vina vilevile vya beti utakuwa umeongeza deni kwa maneno mawili, na hayo mawili yatasikika kila ubeti, kwa hiyo yawe bora kuliko mengine yote.

Kila neno unalolitumia likate kwenye orodha papo hapo. Kurudia neno la kina katika shairi moja huonekana haraka, na mtunzi ndiye wa mwisho kuliona. "Wachanga" na "mchanga" ziko katika beti jirani, na nimeziruhusu kwa sababu ni maneno mawili tofauti kwa maana. Lakini kama shairi lingekuwa na "kavu" ubeti wa tatu, "makavu" ya ubeti wa pili ingebidi iondoke.

Usimalize maneno yenye nguvu mapema. Beti mbili za kwanza zimeshakula mbavu, nyavu na fuvu. Nimezuia kovu, kitovu na unyevu kwa ubeti wa tano, na wa tatu na wa nne zitachukua mengine ya kati. Shairi linalochoka mwishoni mara nyingi ni shairi lililotumia hazina yake yote ubeti wa kwanza.

Hazina ikianza kukutawala

Njia hii nayo ina hatari yake, na inatambulika. Ukiona umeandika mshororo kwa sababu tu neno lilikuwepo kwenye orodha, uondoe. Kwenye -nga ninalo "malenga", na kishawishi cha kumwingiza malenga anayelilia mto ni kikubwa. Lakini hakuna malenga katika jambo hili. Jaribio ni rahisi: lisimulie shairi lako kwa nathari, kwa sentensi mbili au tatu kwa kila ubeti. Neno la kina lisilotokea popote katika simulizi hiyo limekuja kwa ajili ya sauti peke yake.

Wakati mwingine, hata ukiwa na hazina, utakwama. Ubeti wa nne utadai neno ambalo huna. Usianze kuparura. Una njia tatu. Unaweza kugeuza mpangilio wa sentensi ili neno jingine, lililopo kwenye orodha, ndilo lifike mwisho. Unaweza kuuvunja mshororo na kuanza upya kutoka jozi nyingine. Au unaweza kubadilisha bahari: ukaacha mtiririko na kulifanya shairi kuwa ukara, upande mmoja ukabaki na kina chake na upande uliokwama ukapata kina kipya kila ubeti. Njia ya tatu inauma, kwani inakulazimu kurudi nyuma, lakini huokoa mashairi mengi.

Uhuru wa mshairi upo: inkisari ya kufupisha neno, mazida ya kulirefusha, tabdila ya kubadili silabi ili kina kitimie. Jihadhari tu na wakati unapouita. Inkisari iliyoingia kwa sababu neno lenyewe ni la lazima husomeka vizuri. Tabdila iliyoingia saa za mwisho, kwa kuwa mtunzi amechoka kutafuta, humfanya msomaji asimame na kuliuliza neno linatoka wapi. Kama unajikuta unaihitaji zaidi ya mara moja katika beti tano, rudi hatua ya tatu, kina ulichokichagua ni chembamba.

Maneno uliyoyaacha usiyatupe. Yahamishie kwenye daftari lililopangwa kwa silabi, ukurasa mmoja kwa -vu, mmoja kwa -nga, mmoja kwa -we, na mbele ya kila neno uweke alama ya mzizi au kiambishi. Shairi lijalo litahitaji orodha yake ya mada, hiyo hairithiki, lakini hatua ya nne itakuwa imeshafanyika nusu.